Kutoa protokoli yenye namba na jedwali la kemikali kwenye aya ya mbinu: mfano wa kupima floraidi kwenye maji ya Arusha

Wadogo zangu mnaokuja fildi kwenye maabara za maji huku Arusha, kila mwaka nawaona na kitu kilekile mkononi, karatasi iliyoprintiwa kutoka kwenye ripoti ya mtu, kuna aya moja imepigwa mstari kwa kalamu ya njano, na mtu anataka kuanza kupima kwa kuisoma ile aya huku anashika pipeti. Haiendi hivyo. Ile aya iliandikwa kumwambia msomaji kitu kilichokwisha kufanyika, haikuandikwa kumwongoza mtu aliyesimama mezani na sampuli 12. Kuna kazi katikati pale, na ndo nataka tuifanye hapa mwanzo mpaka mwisho.

Nachukua floraidi kwa sababu ndo kipimo kinachoombwa sana huku kwetu, maji yanayotoka kwenye miamba ya volkeno ya Meru yana floraidi nyingi, ukipita Ngurdoto na Maji ya Chai utaiona kwenye meno ya watu, wakati Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa 1.5 mg/L kwa maji ya kunywa. Hii hapa aya yenyewe, nimeiandika kwa namna zinavyoandikwa kwenye ripoti, na TISAB utakayoikuta ndani ni kimiminika cha kufanya pH na chumvi zilingane kwenye sampuli na stendadi zote:

> Floraidi ilipimwa kwa elektrodi teule ya floraidi. TISAB iliandaliwa kwa kuyeyusha 58 g za NaCl na 4 g za CDTA pamoja na 57 mL za asidi asetiki tupu kwenye maji yapata 500 mL, pH ikarekebishwa kuwa kati ya 5.3 na 5.5 kwa NaOH 6 M, na ujazo ukafikishwa 1 L. Stoku ya floraidi ya 100 mg/L ilitengenezwa kwa NaF iliyokaushwa, na stendadi za 0.5, 1, 2, 5 na 10 mg/L zikapatikana kwa kuizimua. 25 mL za kila stendadi na kila sampuli zilichanganywa na ujazo sawa wa TISAB, zikakorogwa kwa dakika 3 na mV kusomwa baada ya kutulia. Kila sampuli ilipimwa mara mbili. Sampuli zilizozidi stendadi ya juu zilizimuliwa mara kumi na kupimwa tena. Kiasi kilisomwa kwenye mchoro wa mV dhidi ya logi ya kiasi.

Ni aya nzuri, mwandishi hajaficha kitu. Lakini ukiisoma kama mtu wa kufanya kazi utaona inachanganya vitu vitatu: vya kuandaa siku kabla, vya kufanya siku yenyewe, na vya kuhesabu baadaye.

Kwanza: vunja aya kwa vitenzi

Chukua aya, kila unapokutana na kitenzi kata hapo shuka mstari mpya, usirekebishe kitu bado. "Iliandaliwa kwa kuyeyusha", mstari. "Ikarekebishwa", mstari. "Ukafikishwa", mstari. Ukimaliza, geuza kila kitenzi kiwe amri kwa mtu mmoja, "zilichanganywa" inakuwa "changanya", "ilipimwa" inakuwa "pima". Ukishaandika amri utajikuta unajiuliza maswali ambayo ile lugha ya "ilifanyika" ilikuwa inayafunika. Changanya kwenye chombo gani? Kipi kinatangulia? Kwa kiasi gani?

Hayo maswali yaandike pembeni yote, kwa aya yetu mimi napata haya ya maana. NaF ilikaushwa kwa joto gani na muda gani? Ipimwe miligramu ngapi, maana aya imetaja 100 mg/L tu haikutaja uzito? "Kutulia" ni mpaka lini? "Zilizimuliwa mara kumi" ni kabla ya kutia TISAB au baada? Na TISAB ya lita 1 inatosha kazi nzima, au lita 1 ni resipi tu?

Swali lenye jibu kwenye hesabu jibu mwenyewe, lenye jibu kwenye mwongozo wa elektrodi yako nenda kasome, na lisilo na jibu popote amua halafu andika kwamba umeamua wewe. Usiweke uamuzi wako kwenye protokoli ukakaa kama vile ulitoka kwenye aya, atakayekuja baada yako hatajua kipi kinaweza kubadilishwa.

Pili: hesabu kinachohitajika kabla ya kuchora jedwali

Hapa ndo wengi wanakosea, wanahamisha namba za kwenye aya moja kwa moja kwenda kwenye jedwali, 58 g, 4 g, 57 mL, wamemaliza. Zile namba ni za lita moja. Jedwali linatakiwa liseme kazi yako wewe inakula kiasi gani.

Anza na idadi ya vipimo. Sampuli 12 mara mbili ni 24. Stendadi 5, na moja ya maji matupu, jumla 6. Kurudia stendadi ya 2 mg/L katikati na mwishoni kuona kama elektrodi haijahama, hizo 2 zaidi. Mpaka hapo ni 32. Sasa kwa maji ya huku usijidanganye kwamba hakuna itakayozidi 10 mg/L, tenga nafasi ya sampuli 4 kurudiwa zikiwa zimezimuliwa, mara mbili kila moja, ni 8. Jumla vipimo 40.

```
40 x 25 mL = 1000 mL za TISAB
```

Lita moja kamili, haibaki hata tone la kuoshea wala la kumwagika. Ukiandaa lita 1 kama aya inavyosema utaishiwa kwenye sampuli za mwisho, halafu utaandaa nyingine haraka na ile ya pili pH yake haitakuwa sawasawa na ya kwanza, kwa hiyo stendadi zako zitakuwa zimepimwa kwenye TISAB moja na sampuli za mwisho kwenye nyingine. Hilo ni kosa ambalo mchoro hautakuonyesha, stendadi zitalala vizuri tu kwenye mstari. Andaa lita 2 toka mwanzo, na kama huna flaski ya lita 2 andaa lita 1 mara mbili halafu zimwage zote kwenye dumu moja safi la plastiki ukoroge ndo uanze kutumia.

Kwa NaF mambo ni kinyume, unahitaji kidogo mno. Stendadi za 1, 2, 5 na 10 mg/L kwenye flaski za 100 mL zinakula 1, 2, 5 na 10 mL za stoku, jumla 18 mL. Ile ya 0.5 usiitoe kwenye stoku kwa pipeti ya nusu mililita, itoe kwenye stendadi ya 10 mg/L kwa kuchukua 5 mL, ni ujazo unaopimika vizuri zaidi. Sasa mtu ataona 18 mL atasema ntaandaa stoku 100 mL, hesabu inampa:

```
NaF = 41.99 g/mol, F = 19.00 g/mol
100 mg/L F  ->  100 x 41.99 / 19.00 = 221.0 mg NaF kwa lita 1
kwa 100 mL  ->  22.1 mg
```

22.1 mg kwenye mizani inayosoma mpaka 1 mg ni kubahatisha, ukikosea miligramu moja umeshapoteza karibu asilimia 5 na kila stendadi itabeba hilo kosa. Miligramu moja ndani ya 221 ni chini ya nusu asilimia. Kwa hiyo andaa lita 1 hata kama utatumia kijiko tu, ikae kwenye chupa ya plastiki, inadumu. Ndo maana jedwali langu lina safu mbili, inayohitajika na ya kuandaa, maana hazilingani na kila moja ina sababu yake.

NaOH 6 M, lita moja ya TISAB inakula yapata 125 mL, wakati mwingine inazidi, pH mita ndo inaamua. Kwa lita 2 weka kichwani mpaka 300 mL, andaa 500 mL, ambayo ni 120 g za NaOH.

Tatu: jedwali

Jedwali linakaa juu, kabla ya hatua, na linajitegemea, yaani mtu wa stoo akilichukua peke yake aweze kutoa vitu bila kusoma hatua hata moja. Kwa hiyo vitu vinavyonunuliwa visichanganywe na vinavyotengenezwa. La kwanza ni vya stoo:

| Kemikali | Hali yake | Kwa lita 1 ya TISAB | Toa stoo kwa kazi hii |
|---|---|---|---|
| Sodiamu kloraidi, NaCl | ya maabara, siyo ya jikoni | 58 g | 116 g |
| CDTA | unga | 4 g | 8 g |
| Asidi asetiki tupu | haijachanganywa na maji | 57 mL | 114 mL |
| Sodiamu haidroksaidi, NaOH | vipande vikavu | kama 6 M, yapata 125 mL | 120 g |
| Sodiamu floraidi, NaF | unga, utakaushwa | haiingii | zaidi kidogo ya 0.2210 g |
| Maji yaliyokenekwa | dumu la plastiki | – | lita 7 |

Nimeandika "siyo ya jikoni" makusudi, chumvi ya dukani inatiwa madini joto na vitu vya kuzuia isigandamane, na kuna siku mtu ataona NaCl imeisha atasema chumvi ni chumvi. Kitu kama hicho kiweke kwenye jedwali palepale jina lilipo, ukikiweka chini kwenye maelezo hakisomwi.

La pili ni vya kutengeneza:

| Kimiminika | Kinachohitajika | Cha kuandaa | Kitunzwe wapi | Hatua |
|---|---|---|---|---|
| NaOH 6 M | hadi 300 mL | 500 mL | plastiki | 1 |
| TISAB | 1000 mL | 2 L | plastiki | 2–6 |
| Stoku ya F 100 mg/L | 18 mL | 1 L | plastiki | 7–8 |
| Stendadi 0.5, 1, 2, 5, 10 mg/L | 25–75 mL kila moja | 100 mL kila moja | plastiki | 10 |

Ile safu ya mwisho ya namba za hatua usiiache. Mtu akigundua TISAB imepungua anajua moja kwa moja arudi wapi.

Plastiki imerudiwa kila mstari, najua inaonekana kama kurudia, lakini floraidi na kioo havikai pamoja vizuri, inashika na inakula kioo, hasa kukiwa na asidi. Flaski za kioo za kupimia ujazo sawa, ni za dakika chache, kuhifadhi hapana.

Nne: hatua zenyewe

Kanuni zangu ni chache. Hatua moja ina kitendo kimoja au viwili visivyotenganishika. Kiasi kinatajwa tena ndani ya hatua hata kama kipo kwenye jedwali, kwa sababu mtu mwenye glavu zenye maji hafungui ukurasa wa nyuma. Na onyo linakuja kabla ya kitendo, ukiandika "mimina NaOH" halafu sentensi inayofuata "polepole, inachemka" umechelewa. Hii hapa, imekamilika:

*Siku kabla ya kupima*

1. Vaa miwani na glavu. Weka bika la plastiki lenye 300 mL za maji kwenye beseni la maji baridi. NaOH inatiwa kwenye maji, kamwe siyo maji kwenye NaOH, itapata moto sana. Tia 120 g za NaOH kidogo kidogo ukikoroga. Ikipoa fikisha 500 mL.
2. Kwenye bika la lita 2 tia yapata 1000 mL za maji. Ndani ya kabati la kuvuta hewa ongeza 114 mL za asidi asetiki tupu.
3. Ongeza 116 g za NaCl na 8 g za CDTA, koroga. CDTA inaweza isiyeyuke yote hapa, endelea.
4. Weka bika kwenye beseni la maji baridi, chomeka pH mita iliyokaguliwa kwa bafa za pH 4 na 7.
5. Mimina NaOH 6 M polepole ukikoroga. Ukifika pH 5.0 geukia matone. Simama ikisoma kati ya 5.3 na 5.5 na kimiminika kikiwa na joto la chumba.
6. Hamishia kwenye flaski ya lita 2, fikisha alama, geuza mara kadhaa, hamishia plastiki. Andika pH na tarehe kwenye chupa.
7. Kausha NaF kwenye oveni 110 °C kwa saa 2, ipoe kwenye chombo cha kukaushia. (Joto na muda ni uamuzi wetu, aya haikutaja.)
8. NaF ni sumu, usipeperushe unga. Pima 0.2210 g, yeyusha, fikisha lita 1, hamishia plastiki mara moja.

*Siku ya kupima*

9. Toa sampuli kwenye friji, ziache mezani pamoja na TISAB mpaka zote zilingane na joto la chumba.
10. Kwenye flaski nne za 100 mL tia 1, 2, 5 na 10 mL za stoku, fikisha alama. Kwenye flaski ya tano tia 5 mL za stendadi ya 10 mg/L, fikisha alama, hiyo ni 0.5.
11. Kwa pipeti tia 25 mL za maji matupu kwenye bika la plastiki, ongeza 25 mL za TISAB. Fanya hivyo kwa kila stendadi.
12. Anza na maji matupu, kisha stendadi kutoka 0.5 kwenda 10. Koroga kwa sumaku dakika 3, mwendo uleule kwa zote. Andika mV isipobadilika zaidi ya 0.2 ndani ya sekunde 30. (Kipimo hiki cha kutulia ni chetu.)
13. Kati ya bika na bika osha elektrodi, igusishe tishu ikauke, usiisugue.
14. Chora mV dhidi ya logi ya kiasi kwa stendadi tano. Mteremko usipokuwa kati ya -54 na -60 mV usiendelee na sampuli, rudi hatua ya 10.
15. Pima kila sampuli mara mbili, 25 mL za sampuli na 25 mL za TISAB, kwa utaratibu wa hatua ya 12 na 13. Baada ya sampuli ya 6 na baada ya ya 12 pima tena stendadi ya 2 mg/L.
16. Sampuli inayozidi 10 mg/L: chukua 10 mL za sampuli mpya isiyo na TISAB, fikisha 100 mL kwa maji yaliyokenekwa, halafu rudi hatua ya 15.

*Hesabu*

17. Soma kiasi kwenye mchoro. Iliyozimuliwa zidisha kwa 10. Usizidishe kwa 2.

Hatua ya 3 ina maneno "endelea" kwa sababu ile CDTA inakaa chini kama unga mweupe na mtu anaanza kuipasha moto au anaona ameharibu, wakati inaingia yenyewe pH ikipanda kwenye hatua ya 5. Hatua ya 9 nayo haipo kabisa kwenye aya, ila asubuhi ya mwezi wa saba huku kwetu maji ya dirishani na ya frijini yote ni baridi, mteremko wa elektrodi unafuata joto, na stendadi za vuguvugu na sampuli za baridi zitakupa jibu lisilo kweli. Maji matupu pia yanasomwa ila hayaingii kwenye mchoro, sifuri haina logi, kazi yake ni kuonyesha kama maji au TISAB yako yana floraidi. mV yake inatakiwa iwe juu waziwazi kuliko ya stendadi ya 0.5.

Tano: ipitishe namba moja mpaka mwisho

Kabla hujaiprinti, chukua sampuli moja ya kufikirika uitembeze kwenye hatua zote. Tuseme stendadi ya 1 mg/L imesoma 100 mV na ya 10 imesoma 42, mteremko ni -58. Kisima fulani kimesoma chini ya 42, kimezidi, umekwenda hatua ya 16, kilichozimuliwa kimesoma 97.

```
logi C = (100 - 97) / 58 = 0.052
C = 1.13 mg/L
1.13 x 10 = 11.3 mg/L
```

Sasa ona ile "usizidishe kwa 2". Mtu anakumbuka alichanganya 25 na 25, anaona amezimua mara mbili, anazidisha, anapata 22.6. Lakini stendadi nazo zilichanganywa nusu kwa nusu vilevile, kwa hiyo mchoro umeshalibeba hilo. Na aliyezimua baada ya kutia TISAB amepunguza na TISAB yenyewe mara kumi, pH na chumvi siyo zilezile za stendadi, namba atakayoipata haina maana. Maneno mawili tu kwenye aya, "mara kumi", na kumbe yanaweza kusomwa kwa njia mbili.

Mwisho mpe mwenzako ambaye hajaiona ile aya, mpe jedwali na hatua tu, akae mezani aandae bila kukuuliza, wewe kaa pembeni na kalamu. Kila anaposimama kufikiri, au anaporudi jedwali, au anapotaka kuuliza, weka alama kwenye hatua hiyo. Hizo ndo za kuandika upya, halafu weka tarehe na namba ya toleo juu kabisa, aya ya asili uibandike ukurasa wa nyuma ili anayetaka kuhakiki aone kipi kilitoka kwenye aya na kipi mliamua nyie.